Barua ya Rufaa ya Maksi za Sheria ya Mikataba: Andika kwa Mtu Atakayekifungua Kijitabu Chako

*Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya sheria mwaka wa pili. Sheria ya Mikataba nimepata 38, na pasi ni 40. Idara ilituruhusu kuona vijitabu vyetu, na mwalimu alipitia mwongozo wa usahihishaji darasani. Swali la 3 nimepewa 9 kati ya 20: sehemu (a) 7 kati ya 12, sehemu (b) 2 kati ya 8. Kwenye (a) kuna pointi mbili za mwongozo nilizimalizia ukurasa wa 11, nao hauna alama yoyote ya kalamu nyekundu. Kwenye (b) nimefuata Sheria yetu lakini mwongozo unafuata kesi ya Kiingereza. Nimeandika barua ya kurasa nne kwa Mkuu wa Kitivo na bado naona haijakaa sawa. Niiandikeje?*

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, pamoja na swali na mwongozo ulioninakilia. Hoja unayo, tena nzuri, lakini kurasa nne zimeizika. Umeanza na hali ya nyumbani, ukaja kwenye mahudhurio, ukaeleza jinsi mwalimu anavyofundisha haraka, na ukurasa wa 11 ukautaja kwenye aya ya mwisho kabisa. Nimekaa miaka kadhaa kwenye kamati inayosoma barua za namna hii, nami nakuhakikishia kwamba kule barua haiendi kwa mtu anayekujua. Mkuu wa Kitivo ataipa dakika mbili na kuishusha kwa Mkuu wa Idara. Naye atatafuta mtahini mwingine ambaye hakusahihisha mtihani ule, amkabidhi kijitabu chako, mwongozo na barua yako. Huyu wa mwisho ndiye unayemwandikia. Ana kijitabu mkono wa kushoto na barua mkono wa kulia, na anachotaka kujua ni afungue ukurasa upi, asome mstari upi, na aulinganishe na kipengele kipi cha mwongozo.

Kwa hiyo kabla ya kugusa barua, tenganisha malalamiko yako, maana umechanganya vitu vitatu ambavyo kitivo hakivipimi kwa mizani moja.

Cha kwanza ni ukurasa wa 11. Mwongozo wa sehemu (a) unagawa maksi 12 hivi: hoja 2, kifungu cha 5(1) 2, kifungu cha 4(2)(a) 2, kifungu cha 4(3)(b) 2, kesi ya Byrne dhidi ya Van Tienhoven 1, kuoanisha sheria na maelezo ya swali 2, na hitimisho 1. Wewe uliishiwa nafasi ukurasa wa 6, ukaanza swali la 5 ukurasa wa 7, halafu ukarudi ukurasa wa 11 kumalizia kifungu cha 4(3)(b) na kesi ya Byrne. Unasema ukurasa huo hauna wino mwekundu hata tone. Hilo ni jambo kubwa kuliko ulivyolichukulia. Mtahini aliyesoma ukurasa akakataa kilichomo huacha alama: mkato, alama ya kuuliza, mstari ubavuni, au walau herufi za jina lake pembeni mwa karatasi. Ukurasa mweupe kabisa, wakati kurasa nyingine zote zina tiki, unaonyesha kwamba haukufunguliwa. Na katika kujumlisha, maksi za swali la 3 zilifungwa pale ukurasa wa 6 ulipoishia. Hapo hakuna anayebishana kuhusu ubora wa jibu lako. Ni kazi ambayo haikusahihishwa.

Maksi zilizopo hapo ni 3. Wewe una 38. Jumlisha, utapata 41.

Umeona sasa kwa nini nasema barua yako imeuzika ushahidi wake wenyewe? Moyo wako uko kwenye sehemu (b) kwa sababu ndiko ulikoonewa kisheria, nami nakubaliana nawe kama utakavyoona hapo chini. Lakini kinachokuvusha bila mabishano ni ukurasa wa 11. Huo ndio utangulie, katika aya yake peke yake, usichanganywe na jambo jingine lolote. Kamati ikilikataa la pili, la kwanza litabaki limesimama.

Cha pili ni zile maksi 2 nyingine unazozidai kwenye (a). Kwenye kifungu cha 4(2)(a) umepewa 1 kati ya 2, na kwenye kuoanisha umepewa 1 kati ya 2. Unasema maelezo yako yalitosha. Zifute kwenye barua. Tiki ipo, kwa hiyo mtahini aliisoma hoja yako, akaipima, akaiona ni nusu. Hiyo ni hukumu ya kitaaluma, na vyuo karibu vyote haviiruhusu iwe sababu ya rufaa. Mahakama nazo huiepuka. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufani ya Uingereza, katika kesi ya Clark dhidi ya Chuo Kikuu cha Lincolnshire na Humberside, ilisema wazi kwamba yapo masuala ya kitaaluma ambayo mahakama haifai kuyaamua, hata pale mwanafunzi anapodai kwamba chuo kimevunja mkataba naye. Ukizidai maksi hizi mbili, mtahini wa pili atazisoma, hatakubaliana nawe, na ataingia kwenye sehemu (b) akiwa ameshakuona kama mtu anayedai kila kitu.

Mpaka huu kati ya kosa na hukumu umechorwa vizuri na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya katika kesi ya Nowak ya mwaka 2017, iliyotoka Ireland. Mtahiniwa wa uhasibu alitaka kuona kijitabu chake. Mahakama ilisema majibu yake pamoja na maoni ya mtahini ni taarifa zake binafsi, lakini haki ya kusahihisha taarifa haimpi nafasi ya kurekebisha majibu aliyokosea. Kilichoonekana kurekebishika ni mambo kama vijitabu kubadilishana kati ya watahiniwa, au baadhi ya karatasi za majibu kupotea. Kesi ile haikifungi chuo chako, lakini inakuonyesha namna ya kufikiri: ukurasa wako wa 11 uko upande wa karatasi zilizopotea, na zile maksi 2 za nusu nusu ziko upande mwingine.

Cha tatu ni sehemu (b), na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye sheria yenyewe.

Swali lenu, kwa ufupi, lilikuwa hivi. Mfanyabiashara wa Mbeya anamwandikia mwenzake wa Tanga tarehe 2 Machi akipendekeza kumuuzia tani 20 za mchele. Tarehe 5 Machi anabadili mawazo na kuposti barua ya kutengua pendekezo. Barua ya kwanza inafika Tanga tarehe 6, na siku hiyohiyo mnunuzi anaposti barua ya kukubali. Barua ya kutengua inamfikia mnunuzi tarehe 9. Barua ya kukubali inafika Mbeya tarehe 10. Sehemu (a): je, kuna mkataba? Sehemu (b): tuseme muuzaji hakutengua chochote, ila mnunuzi alimpigia simu tarehe 8 na kumwambia ameghairi. Je, mnunuzi amefungwa?

Sehemu (a) haina mgogoro. Kifungu cha 5(1) cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinamruhusu mtoa pendekezo kulitengua kabla taarifa ya ukubali haijakamilika dhidi yake. Kifungu cha 4(2)(a) kinasema taarifa hiyo inakamilika dhidi yake pale ukubali unapowekwa kwenye njia ya kumfikia, mkubali akawa hawezi tena kuuzuia. Hiyo ni tarehe 6. Kifungu cha 4(3)(b) kinasema utenguzi unakamilika dhidi ya anayepelekewa pale anapoujua, na hiyo ni tarehe 9. Utenguzi umechelewa, mkataba upo. Byrne ya mwaka 1880 ni kisa kilekile kati ya Cardiff na New York: barua ya kutengua ilipostiwa tarehe 8 Oktoba, ukubali ukatumwa kwa telegramu tarehe 11, utenguzi ukafika tarehe 20. Muuzaji akafungwa.

Kwenye (b) mwongozo unasema hivi: hoja 1, kanuni ya Adams dhidi ya Lindsell kwamba ukubali unakamilika unapopostiwa 3, simu ya tarehe 8 imechelewa 3, mnunuzi amefungwa 1. Wewe uliandika kwamba chini ya kifungu cha 4(2)(b) ukubali unakamilika dhidi ya mkubali pale tu mtoa pendekezo anapoujua, yaani tarehe 10, na kwamba kifungu cha 5(2) kinamruhusu mkubali kuutengua kabla ya hapo. Kwa hiyo simu ya tarehe 8 ilimtoa. Umepewa 1 ya hoja na 1 ya kuitaja Adams, na pembeni kuna alama ya kuuliza.

Jibu lako ndilo lililomo kwenye Sheria. Sura ya 345 inagawanya wakati wa kukamilika kwa ukubali mara mbili: dhidi ya mtoa pendekezo ni unapotumwa, dhidi ya mkubali ni unapojulikana. Mgawanyo huo tumeurithi kutoka Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, ambayo ilitumika Tanganyika hadi ilipotungwa sheria yetu mwaka 1961. Sheria ya India ina mfano chini ya kifungu chake cha 5 unaosema wazi kwamba mkubali anaweza kutengua ukubali wake wakati wowote kabla barua yake haijamfikia mwenzake, au ile dakika inapomfikia, lakini si baada ya hapo. Ndicho kisa cha swali lenu.

Na Adams ya mwaka 1818 haijibu swali hili. Kule wauza sufu waliandika barua tarehe 2 Septemba 1817, barua ikapotea njia kwa sababu ya anwani mbaya, ikafika tarehe 5, na wanunuzi wakaposti ukubali siku hiyohiyo. Tarehe 8 wauzaji waliuza sufu kwa mtu mwingine, na ukubali ukafika tarehe 9. Swali lilikuwa kama *wauzaji*, yaani watoa pendekezo, walikuwa wamefungwa. Hakuna mkubali aliyetaka kujitoa. Kuitumia kumfunga mkubali ni kuivuta kesi hadi mahali ambapo yenyewe haikufika. Na hata ingefika, Sheria ya Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, kifungu cha 2(3), inaipa sheria ya kawaida ya Uingereza nafasi pale tu ambapo sheria zetu zilizoandikwa hazifiki wala hazitumiki. Hapa sheria iliyoandikwa ipo na imesema.

Sasa angalia unavyoliwasilisha. Katika barua yako umeandika kwamba "mwalimu hajui sheria". Ondoa. Kwanza si lazima iwe kweli: mwongozo huandaliwa mapema, mara nyingi kwa kuchukua ule wa mwaka uliopita, na kitabu cha Kiingereza kikiwa mezani kosa la namna hii linaingia kirahisi hata kwa mtu makini. Pili, kosa la mwongozo haligusi kijitabu chako peke yake. Kila aliyejibu sehemu (b) kwa kufuata Sheria ameathirika, na Mkuu wa Idara ataliona hilo mara moja. Mlango wa kurekebisha uache wazi, ili mtu aingie bila kulazimika kwanza kukiri aibu. Usiwasemee wenzako wala usitaje darasa zima. Wewe onyesha kifungu tu.

Kabla ya kuandika, angalia mambo mawili. Soma tena mwongozo kama una mstari unaoruhusu majibu mengine yenye msingi wa kisheria. Miongozo mingi ya sheria huwa nao mwishoni mwa swali, na kama upo, hoja yako inaacha kuwa "mwongozo umekosea" na inakuwa "mwongozo wenyewe unaniruhusu", ambayo ni nyepesi zaidi kukubalika. Pia rudi kwenye nukuu za somo. Kama kifungu cha 4(2)(b) kilifundishwa, ambatisha ukurasa huo.

Na kwenye (b) usidai idadi ya maksi. Kwenye ukurasa wa 11 unaweza kusema 3, kwa sababu mwongozo umeshazipanga na kazi imebaki kuangalia kama maneno yapo. Kwenye (b) hakuna mgawanyo wa maksi kwa jibu ulilotoa. Omba isahihishwe upya na mtahini mwingine kwa kuzingatia vifungu. Yeye ndiye atakayezipanga.

Nimekuandikia barua jinsi ningeiweka mimi. Kama kitivo chenu huandikiana kwa Kiingereza, iandike kwa Kiingereza kwa mpangilio huuhuu.

> Namba ya usajili: …
> Tarehe: …
>
> Mkuu wa Kitivo cha Sheria,
> Kupitia kwa: Mkuu wa Idara.
>
> YAH: RUFAA YA MAKSI ZA MTIHANI WA SHERIA YA MIKATABA, SWALI LA 3
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> 1. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Katika somo tajwa nimepata 38. Naomba kitivo kiangalie upya swali la 3, ambalo nimepewa 9 kati ya 20, kwa sababu mbili zinazojitegemea. Naleta rufaa hii chini ya kanuni ya … ya Kanuni za Mitihani, ndani ya muda uliowekwa.
>
> 2. *Sehemu (a): ukurasa ambao haukusahihishwa.* Jibu langu linaanzia ukurasa wa 5 na kuendelea ukurasa wa 11 wa kijitabu. Nakiri kwamba sikuandika chini ya ukurasa wa 6 kuwa jibu linaendelea, ingawa ukurasa wa 11 una kichwa "Swali la 3(a) linaendelea". Ukurasa wa 11 hauna alama yoyote ya mtahini. Katika ukurasa huo, mstari wa 2 hadi wa 7, nimeeleza kifungu cha 4(3)(b), ambacho mwongozo umekipa maksi 2. Mstari wa 8 hadi wa 12 nimeeleza kesi ya Byrne dhidi ya Van Tienhoven, ambayo mwongozo umeipa maksi 1. Naomba ukurasa huo usahihishwe na jumla irekebishwe.
>
> 3. *Sehemu (b): jibu lililofuata Sheria ya Mikataba, Sura ya 345.* Mwongozo umeelekeza kwamba mnunuzi amefungwa tangu alipoposti ukubali, kwa kufuata Adams dhidi ya Lindsell. Katika ukurasa wa 6, mstari wa 9 hadi wa 20, nimejibu kwamba chini ya vifungu vya 4(2)(b) na 5(2) mkubali anaweza kutengua ukubali kabla mtoa pendekezo hajaujua. Kwa heshima, naona jibu hilo ndilo lililo kwenye maneno ya Sheria, na kwamba katika Adams aliyedaiwa kufungwa alikuwa mtoa pendekezo, si mkubali. Nimeambatisha nakala ya vifungu hivyo. Naomba sehemu (b) isahihishwe upya na mtahini mwingine kwa kuzingatia vifungu hivyo.
>
> 4. Rufaa hii haihusu maksi zilizopunguzwa kwa ubora wa maelezo yangu.
>
> Naomba kuwasilisha.
>
> (Sahihi na jina)

Ukurasa mmoja, na ukipanga vizuri nafasi inabaki.

Kuna vitu kwenye barua hii ambavyo hukuviweka kwenye yako, na ningependa ujue kwa nini vipo. Kukiri kwamba hukuandika "inaendelea" chini ya ukurasa wa 6 kutakuuma, lakini mtahini wa pili ataliona hilo dakika ya kwanza. Akiliona mwenyewe atasema kosa ni la mwanafunzi na kufunga kijitabu. Akilikuta umeshalisema, pamoja na kwamba ukurasa wa 11 una kichwa chake, hana la kusema isipokuwa kusahihisha. Aya ya 4 nayo ni fupi lakini ina kazi: inamwambia msomaji kwamba umeujua mpaka kati ya kosa na hukumu, na kwamba uko upande sahihi wa mpaka huo. Namba za mistari zihesabu mwenyewe kwenye kijitabu ukikiona tena. Zile nilizoweka mimi ni za kukuonyesha tu, na ukizikosea hata kwa mstari mmoja msomaji ataanza kuwa na wasiwasi na mengine yote.

Nimeondoa habari za nyumbani. Najua ni kweli, na najua zilikuumiza muhula mzima. Lakini ugonjwa wa mzazi hauongezi kitu kwenye ukurasa wa 11, na unampa msomaji mawazo kwamba unaomba huruma kwa sababu hoja haitoshi. Kama hali hiyo iliathiri mtihani, vyuo vina utaratibu wake tofauti wa kuomba mtihani maalumu, na mara nyingi hutakiwa uombwe kabla ya mtihani au mara tu baada yake, ukiwa na vyeti vya hospitali.

Niliwahi kuona rufaa ya mwanafunzi mmoja ikikataliwa kwa jambo dogo. Alikuwa na kosa la kujumlisha, lisilo na ubishi: maksi za swali moja zilikuwa 14 ndani ya kijitabu na 11 kwenye jedwali la jalada. Aliandika barua ya kurasa tano, na kosa hilo akalitaja katika sentensi moja katikati ya ukurasa wa tatu, baada ya kulalamika kuhusu mhadhiri. Waliosoma walijibu malalamiko dhidi ya mhadhiri, wakayakataa, na faili likafungwa. Hakuna aliyefika kwenye ile sentensi. Alipoandika tena, muda wa rufaa ulikuwa umekwisha. Kwa hiyo wewe kabla ya chochote linganisha jalada na ndani: jumlisha tiki za kila swali, uone kama namba kwenye jalada ndiyo hiyohiyo.

Muda ndio jambo la kukuhimiza leo. Kila chuo kina idadi yake ya siku, nazo mara nyingi huhesabiwa tangu matokeo yalipotangazwa, si tangu ulipokiona kijitabu. Fungua Kanuni za Mitihani, tafuta sehemu ya rufaa, andika namba ya kanuni kwenye aya ya 1. Humo utakuta pia kama kuna ada ya rufaa, na kama maksi zinaweza kushuka baada ya kusahihishwa upya. Kama zinaweza kushuka, hapo ndipo utaona faida ya kuomba ukurasa wa 11 na sehemu (b) tu: hujaomba kijitabu kizima kipimwe upya, na zile maksi 2 za nusu hujazifungulia mjadala.

Peleka nakala mbili. Ya kwanza iache masijala, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na ubaki nayo. Usimpe mtu mkononi akakuambia ataifikisha.

Na wakati ukisubiri majibu, jisajili kwenye sapu na uisomee kama vile rufaa haipo. Vikao vya bodi ya mitihani vina ratiba yake, na jibu linaweza kutoka baada ya tarehe ya sapu. Kujisajili hakufuti rufaa yako. Kutojisajili, rufaa ikikataliwa, kutakufanya uliingie somo hilihili mwaka kesho.